Kulinganisha oda, hati ya kuwasilisha bidhaa na ankara kabla ya kulipa: mwongozo wa mzigo uliofika nusu

Kabla kampuni haijamlipa msambazaji, mhasibu hukusanya hati tatu na kuzisoma kwa pamoja. Oda ya ununuzi, ambayo maofisini wengi huiita LPO, inaonyesha kile ambacho kampuni iliagiza na bei iliyokubaliwa. Hati ya kuwasilisha bidhaa, ambayo watu wa stoo huiita delivari, inaonyesha kilicholetwa. Ankara inaonyesha kinachodaiwa. Hati hizo zinapokubaliana, kazi ni ya dakika chache. Ugumu huanza pale mzigo unapofika nusu, sehemu yake ikakataliwa, kisha ankara ikaja kana kwamba kila kitu kilipokelewa salama kwa bei mpya. Mwongozo huu unaishughulikia hali hiyo moja, kwa kuwa mhasibu anayeimudu hatababaishwa na mzigo uliokamilika.

Mfano tutakaoufuata nimeutunga kwa ajili ya maelezo. Kiwanda cha vyakula vya mifugo kilichoko Nakuru kinaagiza kutoka kwa msambazaji wa Kisumu magunia 10,000 ya plastiki ya kufumwa, ya ukubwa wa kilo 50, kwa shilingi 30 kila moja kabla ya VAT, na gharama ya kuyafikisha Nakuru imo ndani ya bei hiyo. Msambazaji huyafunga katika marobota ya magunia 500. Oda nzima ni ya shilingi 300,000, na VAT ya asilimia 16 ni shilingi 48,000, hivyo jumla ni shilingi 348,000.

Oda iandikwe kwa namna inayoweza kulinganishwa

Migogoro mingi ya ankara huzaliwa siku oda inapoandikwa. Oda inayosema "magunia, robota 20" haijasema robota moja ina magunia mangapi, na msambazaji akibadilisha ufungashaji, mnunuzi hana pa kushika. Kwa hiyo chagua kipimo kimoja ambacho kitatumika katika hati zote, na ikiwa msambazaji hutumia kipimo kingine, andika uhusiano wa vipimo hivyo kwenye mstari uleule wa oda: "Magunia 10,000, yaani robota 20 za magunia 500". Andika pia uzito wa gunia tupu, tuseme gramu 90, kwa sababu uzito huo utatusaidia sana mzigo ukifika.

Bei ielezwe kama ni kabla au baada ya VAT. Usafiri utajwe waziwazi, hata kama umo ndani ya bei, kwa kuwa oda iliyonyamaza kuhusu usafiri humpa msambazaji nafasi ya kuuongeza baadaye. Mwisho, andika kama mzigo unaweza kuletwa kwa awamu, na uagize kwamba kila awamu ije na ankara yake yenye nambari ya oda. Nakala moja ya oda iende kwa msambazaji, moja kwa mhasibu, na moja kwa mtunza stoo. Nakala ya stoo ionyeshe aina ya bidhaa na maelezo yake, lakini isionyeshe idadi. Mtu anayejua kwamba anatarajia robota 20 huelekea kuziona 20, hasa akiwa amechoka, ilhali asiyejua idadi hana budi kuhesabu.

Langoni na stoo, mahali ambapo kazi yote hutegemea

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu naamini hati dhaifu kuliko zote tatu ni ile ya kuwasilisha bidhaa. Imechapishwa na msambazaji mwenyewe kabla lori halijaondoka Kisumu. Ankara pia inatoka kwa msambazaji, na mara nyingi inanakili takwimu zilezile. Mhasibu anayelinganisha ankara na hati hiyo bila ushahidi mwingine analinganisha maneno ya msambazaji na maneno ya msambazaji, na ni kawaida yakubaliane. Sahihi ya mtunza stoo peke yake haileti uhakika wowote ikiwa iliwekwa bila kuhesabu.

Tuseme lori lenye awamu ya kwanza ya mzigo linaingia saa kumi na moja jioni, mvua imelinyeshea njiani kupitia Kericho, na dereva anaharakisha: "Mzee, nisainie tu, ni robota kumi na nne, nataka kuondoka kabla ya giza." Ombi lake ni la mtu mwenye safari ndefu mbele yake na halina ubaya, lakini mtunza stoo hapaswi kusaini kabla hajafanya mambo matatu.

Kwanza, ahesabu marobota yanaposhushwa, si yakiwa bado juu ya lori, kwa kuwa yaliyopangwa katikati hayaonekani. Katika mfano wetu anapata 14.

Pili, akague hali yake. Robota moja imelowa maji kwa sababu turubai lilipasuka, na magunia yaliyolowa na kufungwa hivyo huota ukungu, jambo ambalo kiwanda cha chakula cha mifugo hakiwezi kulivumilia. Robota hiyo anaikataa na kuirudisha kwenye lori hapohapo. Ikiwa haiwezi kurudi siku hiyo, itengwe na kuwekewa alama, isichanganywe na nyingine, kwa sababu bidhaa iliyokataliwa kisha ikatumika kwa bahati mbaya hugeuka kuwa bidhaa iliyokubaliwa, na deni lake litakuwa halali.

Tatu, apime uzito. Kufungua marobota 13 na kuhesabu gunia kwa gunia kungechukua saa nyingi, na hakuna dereva atakayesubiri. Lakini magunia 500 ya gramu 90 yana uzito wa kilo 45, ukiacha kamba na kifungashio. Anaweka kila robota kwenye mizani: 12 zinakaribiana na kilo 45, na moja inasoma takriban kilo 40 na nusu. Uzito huo ni sawa na magunia 450. Mizani imemwonyesha robota ya kushuku, lakini haijathibitisha kitu, kwa sababu magunia yenyewe hutofautiana kidogo kwa uzito. Hivyo anaifungua hiyo moja mbele ya dereva na kuihesabu. Ina magunia 450 kweli.

Sasa anaandika kwenye hati ya msambazaji, juu ya nakala zote, kabla ya kusaini: "Robota 14 zimeletwa. Robota 1 imekataliwa kwa kulowa na imerudishwa na dereva. Robota 1 ina magunia 450 badala ya 500. Yaliyokubaliwa ni magunia 6,450." Dereva anasaini chini ya maneno hayo pamoja naye. Maneno kama "imepokelewa bila kukaguliwa" hayatoshi, kwa kuwa hayasemi kilichopungua, na msambazaji ana haki ya kuuliza upungufu ulionekana lini.

Baada ya hapo mtunza stoo anatayarisha hati ya mapokezi, ambayo ni hati ya kampuni yenyewe, yenye nambari za mfululizo. Humo anaandika nambari ya oda, nambari ya hati ya msambazaji, tarehe, idadi iliyoletwa, iliyokataliwa na iliyokubaliwa. Idadi iliyokubaliwa, yaani 6,450, ndiyo inayoingia kwenye stoo na ndiyo atakayoitumia mhasibu. Mtu aliyeandika oda asiwe ndiye anayepokea mzigo, na anayepokea asiwe ndiye anayelipa. Katika kampuni ndogo yenye watu watatu ofisini, utaratibu huo bado unawezekana ikiwa kila mmoja atabaki na hati moja.

Ankara inapofika

Siku chache baadaye ankara inakuja: magunia 7,000 kwa shilingi 31, yaani 217,000, usafiri shilingi 4,000, jumla ndogo 221,000, VAT shilingi 35,360, jumla kuu 256,360.

Kabla ya kugusa takwimu, hakikisha ankara yenyewe ni halali. Iwe imetolewa kupitia eTIMS, mfumo wa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA), na iwe na PIN ya kampuni yako. Piga picha msimbo wa QR kwa simu ili uone kama maelezo yanayofunguka kwenye tovuti ya KRA yanafanana na ya karatasini. Tangu Januari 1, 2024, matumizi ambayo hayana ankara ya eTIMS hayakubaliwi kupunguza faida inayotozwa ushuru, isipokuwa yale machache ambayo sheria imeyaacha. Tafuta pia nambari ya ankara hiyo katika leja ya msambazaji. Ankara hurudiwa kwa urahisi ikiwa mara ya kwanza iliingizwa kama 0892 na mara ya pili kama 892, kwa hiyo tafuta pia kwa kiasi na kwa tarehe.

Tazama vilevile tarehe za hati zote. Utaratibu wa kawaida ni oda kwanza, mapokezi baadaye, kisha ankara. Oda yenye tarehe ya siku moja na ankara, au ya baada yake, ni dalili kwamba mtu aliagiza kwa mdomo kisha akaandika oda ili ifanane na ankara. Oda ya namna hiyo italingana kikamilifu, na kulingana huko hakumaanishi chochote. Irudishe kwa meneja aliyeidhinisha, aeleze kwa maandishi.

Kutenganisha tofauti

Sasa weka takwimu kando kwa kando.

| | Oda | Mapokezi | Ankara |
|---|---|---|---|
| Idadi | 10,000 | 6,450 | 7,000 |
| Bei (Sh) | 30 | – | 31 |
| Usafiri (Sh) | umo ndani ya bei | – | 4,000 |

Kanuni ni kwamba idadi inayolipwa haizidi iliyokubaliwa stoo, na bei inayolipwa haizidi iliyo kwenye oda. Ukitumia jedwali la kompyuta, weka idadi iliyokubaliwa katika B2, idadi ya ankara C2, bei ya oda D2 na bei ya ankara E2:

```
=MIN(B2,C2)*MIN(D2,E2)
```

Jibu ni 6,450 mara 30, yaani shilingi 193,500. VAT yake ni 30,960, na jumla inayokubalika ni 224,460. Tofauti na ankara ni shilingi 31,900.

Usiishie kwenye jumla hiyo. Tofauti ya 31,900 ni mchanganyiko wa makosa matatu ambayo hayana mhusika mmoja, na ukimpelekea msambazaji jumla tupu, mtazungushana kwa wiki nzima. Magunia 550 ambayo hayakupokelewa kwa hali nzuri, kwa bei ya shilingi 30, ni 16,500. Jambo hili linathibitishwa na stoo, na ushahidi wake ni hati yenye sahihi ya dereva. Shilingi moja iliyoongezwa kwa kila gunia kati ya 7,000 yaliyoankariwa ni 7,000. Jambo hili ni la idara ya ununuzi. Usafiri ni 4,000, nao pia unaamuliwa na maandishi ya oda. Jumla ni 27,500, na VAT juu yake ni 4,400, ndiyo 31,900 yetu. Zisipojumlika hivyo, kuna tofauti nyingine ambayo hujaiona, na usiendelee mpaka uipate.

Mara nyingine msambazaji atajibu kwamba bei mpya ilikubaliwa kwa simu. Inawezekana ni kweli. Hata hivyo mhasibu hana mamlaka ya kuikubali. Aliyeidhinisha oda ndiye anayeweza kuirekebisha, kwa maandishi na kwa tarehe halisi ya marekebisho, kisha ulinganishaji urudiwe kwa oda iliyorekebishwa. Bei ikibadilishwa kwenye mfumo kimyakimya ili ankara ipite, kampuni itakuwa imepoteza kinga yake pekee dhidi ya bei kupanda kidogo kidogo.

Kampuni nyingi huweka kiwango cha tofauti kinachoruhusiwa kupita bila kuhojiwa. Ni jambo la busara kwa senti zinazotokana na kukaribisha hesabu, na kwa bidhaa za kupimwa kama mahindi, ambapo mizani mbili za lori hazisomi sawasawa na nafaka hupungua uzito inapokauka. Kwa bidhaa zinazohesabika, kama magunia, maoni yangu ni kwamba kiwango cha idadi kiwe sifuri. Gunia lililopungua halikukauka njiani. Na popote unapoweka asilimia, weka pia kikomo cha shilingi, kwa kuwa asilimia moja ya ankara kubwa ni fedha nyingi.

Kurekebisha ankara bila kuiharibu

Zamani watu walikata takwimu za ankara kwa kalamu, wakaandika kiasi kipya pembeni na kulipa. Siku hizi njia hiyo huleta matatizo ya ushuru. Ankara ya eTIMS imeshapelekwa KRA ikiwa na VAT ya 35,360, na kalamu yako haibadilishi kilicho kwenye mfumo. Ukilipa 224,460 bila hati nyingine, leja ya msambazaji itabaki na deni la 31,900 ambalo hakuna anayelikubali. Ukidai VAT yote ya ankara, umedai 4,400 zaidi ya unayostahili kwa bidhaa ulizopokea.

Kinachohitajika ni krediti noti, yaani hati ya kupunguza deni, iliyotolewa na msambazaji kupitia eTIMS na kutaja nambari ya ankara ya mwanzo. Iwe ya 27,500 pamoja na VAT ya 4,400. Unapoiomba, andika barua pepe fupi yenye sehemu zile tatu za tofauti, na uambatishe hati iliyosainiwa na dereva, hati ya mapokezi na oda. Wakati ukiisubiri, ankara iwekwe kwenye orodha ya zilizozuiwa, ikiwa na sababu na jina la mtu anayeshughulikia kila sababu. Ankara inayozuiwa kwenye droo bila maelezo husahaulika, na msambazaji aliyeleta magunia 6,450 mazuri ana haki ya kulipwa kwa wakati. Krediti noti ikichelewa kwa kosa lake, mwambie wazi kwamba muda wa malipo utahesabiwa kuanzia siku itakapofika.

Mwezi ukiisha ankara ikiwa bado imezuiwa, bidhaa zimo stoo na pengine zimeanza kutumika. Mhasibu aingize deni la shilingi 193,500 kama bidhaa zilizopokelewa ambazo ankara yake haijakubaliwa, ili hesabu za mwezi zisionyeshe faida isiyokuwepo.

Malipo

Krediti noti ikifika, linganisha tena: ankara ukitoa krediti noti ni lazima iwe 224,460 kamili. Ambatisha hati zote kwenye vocha moja, kisha aidhinishe mtu ambaye hakuitayarisha. Ikiwa kampuni imeteuliwa na KRA kuwa wakala wa kuzuia VAT, itakata asilimia 2 ya thamani kabla ya VAT, yaani 3,870, na kumlipa msambazaji 220,590. Makato hayo yapigwe juu ya 193,500, si juu ya ankara ya mwanzo. Ni kosa linalotokea sana pale krediti noti inapoingizwa baada ya makato kufanywa.

Akaunti ya benki au nambari ya paybill itolewe kwenye faili ya msambazaji, kamwe isichukuliwe kwenye ankara. Hati tatu zinaweza kulingana kikamilifu na fedha zikaenda kwa mwizi aliyebadilisha nambari ya akaunti tu. Ankara ikija na akaunti mpya, piga simu kwa nambari uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyochapishwa kwenye ankara hiyo.

Awamu ya pili na kufunga oda

Oda bado iko wazi. Kilichobaki ni 10,000 ukitoa 6,450, yaani magunia 3,550, kwa sababu robota iliyokataliwa na magunia 50 yaliyopungua yamerudi kwenye salio. Msambazaji naye, kwa hesabu zake, huenda akadhani amebakiza 3,000. Mtumieni salio lenu kwa maandishi kabla hajapakia.

Kwa kila oda weka mistari mitatu ya jumla: iliyoagizwa, iliyokubaliwa mpaka sasa, na iliyoankariwa mpaka sasa baada ya krediti noti. Ankara ya awamu ya pili ilinganishwe na jumla hizo pamoja na hati ya mapokezi ya siku hiyo. Hapo ndipo utakapoigundua ankara ya magunia 10,000 iliyotumwa kana kwamba awamu ya kwanza haikuwahi kulipwa: inalingana na oda mpaka shilingi ya mwisho, na mtu akiitazama oda pekee ataipitisha. Ukiisoma pamoja na jumla, itaonyesha magunia 16,450 yaliyoankariwa kwa oda ya 10,000.

Awamu ya pili ikileta robota 7 na magunia 50 ya kujaliza, oda imetimia. Ikileta robota 8, magunia 450 yamezidi, na mtunza stoo apige simu kwa idara ya ununuzi kabla ya kuyashusha. Yakikubaliwa, yaandikiwe nyongeza ya oda. Ikileta robota 7 pekee na kampuni ikaamua kwamba magunia 50 hayahitajiki tena, salio lifutwe rasmi, msambazaji aarifiwe, na oda ifungwe kwenye mfumo siku hiyohiyo, ili ankara yoyote itakayokuja kwa nambari hiyo ikataliwe moja kwa moja.